Ncha nne, njia tatu za kuzifunga: vipande vya ozonolisisi vinaposhindwa kutoa jibu moja

*"Shikamoo mwalimu. Kwenye zoezi tumepewa hidrokaboni C10H16 iliyotolewa kwenye mafuta ya maganda ya machungwa. Inapokea moli 2 za hidrojeni. Ikipitishiwa ozoni ya kutosha, kisha ikatiwa zinki na asidi asetiki, inatoa methanali na CH3COCH2CH2CH(COCH3)CH2CHO, basi. Mimi niliiunga methanali na ile CHO, nikafunga ketoni mbili zilizobaki, nikapata pete ya kaboni tano yenye methili mbili na alili. Atomi zote zinatimia. Nimepewa sifuri, eti jibu ni limoneni. Kosa langu liko wapi? Nitajuaje kipi kiungwe na kipi?"*

Marahaba. Nimechora muundo wako, nikaukata tena kwa ozoni hatua kwa hatua, na unatoa vipande vilevile viwili ulivyopewa. Kwa hiyo nianze na hilo: ukiangalia vipande peke yake, mchoro wako hauna kosa. Ulipoteleza ni pale ulipoona atomi zinatimia ukadhani kazi imekwisha. Swali lako lina majibu matatu yanayotimia, wala si mawili, na linalochagua kati yake halimo ndani ya vipande. Limo katika taarifa nyingine, moja uliyopewa ukaipita, na nyingine ambayo aliyetunga zoezi alipaswa kuitoa.

Twende taratibu, tuanzie kwenye kukatika kwenyewe, kwa sababu wengi huikariri ozonolisisi kama mkasi tu: kata bondi maradufu, bandika oksijeni kila upande. Mkasi huo unasaidia kwenye karatasi, lakini haukuonyeshi kinachohifadhiwa na kinachopotea.

Molekuli ya ozoni, O3, huijia bondi maradufu na kushika kaboni zote mbili kwa wakati mmoja. Inatokea pete ya atomi tano: kaboni mbili na oksijeni tatu zilizofuatana. Hiyo huitwa molozonaidi, nayo haidumu. Bondi za oksijeni na oksijeni ni dhaifu, na pete ina mbili kwa mpigo, hivyo hupasuka upesi, na safari hii bondi iliyokuwa kati ya zile kaboni mbili hukatika moja kwa moja. Kaboni moja huondoka ikiwa kabonili kamili, C=O. Nyingine hubaki na oksijeni mbili, ikiwa oksidi ya kabonili, kitu chenye hamu kubwa ya kushika chochote kilicho karibu. Mara nyingi humshika mwenzake aliyeachana naye muda huohuo, ila sasa wanaungana kwa mpangilio mwingine: oksijeni moja inasimama peke yake kati ya kaboni mbili, na upande wa pili zinasimama oksijeni mbili zilizoshikana. Hiyo ndiyo ozonaidi. Aliyeufafanua mwendo huu ni Mjerumani Rudolf Criegee, katikati ya karne ya 20, na hadi leo ile oksidi ya kabonili huitwa kwa jina lake.

Sasa hesabu oksijeni. Ozonaidi ina tatu, na kaboni zilizokatwa ni mbili. Kazi ya zinki na asidi asetiki ni kuinyang'anya ozonaidi oksijeni moja, ibaki na mbili, moja kwa kila kaboni. Dimethili salfaidi hufanya kazi hiyohiyo kwa upole zaidi, yenyewe ikigeuka kuwa dimethili salfoksidi. Ndiyo maana kila bondi maradufu inayokatwa huongeza oksijeni mbili kamili kwenye jumla ya vipande, si zaidi wala si pungufu.

Hapo ndipo hesabu yako ya atomi ilipotoka, na ni hesabu nzuri. Jumlisha methanali, CH2O, na kile kipande kikubwa, C9H14O3. Unapata C10H16O4. Toa oksijeni nne, inarudi C10H16. Oksijeni nne maana yake bondi maradufu mbili, na hilo linaafikiana na moli 2 za hidrojeni. Tena, hidrokaboni ya kaboni kumi iliyoshiba na isiyo na pete ina hidrojeni 22. Yako ina 16, zimepungua jozi tatu. Jozi mbili zimeelezwa na bondi maradufu, na ya tatu lazima iwe pete. Mpaka hapa wewe na mwalimu wako mko pamoja kabisa.

Tazama pia kinachobaki salama. Kaboni iliyokuwa kwenye bondi maradufu huachana na mwenzake mmoja tu. Majirani wengine inaenda nao vilevile walivyokuwa. Ikiwa ilikuwa na hidrojeni moja, utaiona kama aldehidi. Kama haikuwa nayo, ni ketoni. Kama ilikuwa na mbili, ni methanali. Kwa hiyo kila kabonili kwenye kipande ni ncha ya kamba iliyokatwa, na ncha hiyo inakwambia kwa uaminifu ilikuwa imeshikana na nini upande wa ndani. Isichokwambia ni ilikuwa imefungwa kwenye ncha ipi upande wa pili.

Tuzipe ncha zako majina. Kipande kikubwa ni hiki:

```
CH3-CO-CH2-CH2-CH(COCH3)-CH2-CHO
```

Ile CHO tuiite ncha ya kulia. Ketoni ya mwanzo wa mnyororo tuiite ncha ya kushoto. Ketoni iliyoning'inia kwenye CH ya katikati tuiite ncha ya tawi. Ukiongeza methanali, una ncha nne. Ncha nne zinafungwa mbili mbili kwa njia tatu tu, kwa kuwa methanali inachagua mwenzi mmoja kati ya watatu, na wawili wanaobaki hawana hiari ila kushikana wao kwa wao. Chukua karatasi uzichore zote tatu kabla hujapenda hata moja.

Njia ya kwanza ni yako. Methanali inashika ncha ya kulia, na hapo unapata mkia -CH2-CH=CH2, yaani alili. Ncha ya kushoto na ya tawi zinafungana. Hesabu kaboni za pete: ya tawi, CH, CH2, CH2, ya kushoto. Tano. Kaboni mbili za bondi maradufu zina methili kila moja. Hiyo ni 3-alili-1,2-dimethilisaiklopenteni, molekuli inayowezekana kabisa, isiyo na jambo la ajabu.

Njia ya pili, methanali inashika ncha ya tawi. Ile ketoni ya tawi inageuka kuwa -C(CH3)=CH2. Ncha ya kulia na ya kushoto zinafungana, na pete inapita kwenye CHO ya zamani, CH2, CH, CH2, CH2, hadi ketoni ya kushoto. Kaboni sita, methili moja kwenye bondi maradufu ya pete, na tawi liko upande wa pili wa pete kuielekea methili hiyo. Hiyo ndiyo limoneni.

Njia ya tatu, methanali inashika ncha ya kushoto, na za kulia na tawi zinafungana. Pete inakuwa na kaboni nne: ya tawi, CH, CH2, na CHO ya zamani. Hii ni saiklobuteni yenye mkia mrefu. Fomula inatimia, na ozoni ingeirarua kuwa vipande vilevile. Ila pete ya kaboni nne yenye bondi maradufu ndani imebanwa sana, pembe zake ziko mbali na zile ambazo kaboni ya namna hiyo inazipenda, kwa hiyo unaiweka nyuma ya foleni. Kuiweka nyuma, si kuifuta. Kampaundi zenye pete ya kaboni nne zipo, hata kwenye mimea.

Kwa hiyo una watahiniwa watatu, na ozonolisisi iliyofanyika hadi mwisho haiwezi kukuchagulia. Ukiirudia mara kumi utapata vipande vilevile. Inabidi uulize swali la aina nyingine.

Taarifa uliyoipita ni ile ya mafuta ya maganda ya machungwa. Najua ilionekana kama pambo la maneno, lakini kwa mkemia inasema kampaundi ya C10H16 kutoka kwenye mafuta ya mmea yenye harufu karibu hakika ni tapini, na tapini za kaboni kumi kwa kawaida huundwa na vipande viwili vya isopreni. Isopreni ni mnyororo wa kaboni nne wenye kaboni ya tano imeota kama tawi kwenye kaboni ya pili. Jaribu kuigawa limoneni: tawi la -C(CH3)=CH2 pamoja na CH ya pete linaloshikilia na CH2 moja ya jirani ni kipande cha kwanza, na zilizobaki, methili na kaboni nne za pete, ni cha pili. Inagawanyika vizuri. Sasa jaribu ya kwako. Mkia wa alili una kaboni tatu zilizonyooka hadi mwisho, bila tawi. Anzia kwenye kaboni ya mwisho wa mkia uingie ndani kwa njia yoyote utakayo, hutapata kipande chenye umbo la isopreni, kwa sababu tawi halipo pale linapotakiwa. Mchoro wako unaangukia hapo.

Lakini sitaki uondoke ukidhani hilo ni ushahidi wa kumaliza kesi. Kanuni ya isopreni ni tabia ya mimea, na mimea ina tabia nyingine pia. Zaidi ya hayo, yule mtahiniwa wa tatu, mwenye pete ya kaboni nne, anagawanyika kwa isopreni bila taabu, jaribu uone. Kanuni inakuondoa wewe, haimwondoi yeye. Ningekuwa mimi ndiye ninayesahihisha, mwanafunzi aliyechora zote tatu na kuandika "vipande pekee havitoshi" ningempa alama nyingi kuliko aliyeandika limoneni kwa sababu jina lilikuwa kichwani tayari.

Kinachomaliza kesi ni majaribio yanayogusa mifupa ya molekuli, yaani mpangilio wa kaboni. Ulipewa kwamba inapokea moli 2 za hidrojeni, lakini watahiniwa wote watatu wanapokea 2 na kuwa C10H20, hivyo namba hiyo haitofautishi. Kinachotofautisha ni kutambua ile C10H20 yenyewe ni ipi. Limoneni ikishiba inakuwa 1-isopropili-4-methilisaikloheksani. Ya kwako inakuwa 1,2-dimethili-3-propilisaiklopentani. Ni vitu viwili tofauti, na kromatografia ya gesi ukiwa na sampuli halisi ya kulinganisha itakuonyesha ni kipi.

Lililo kali zaidi ni kuelekea upande wa pili, yaani kuiondolea hidrojeni. Ukiipasha limoneni moto pamoja na paladiamu iliyo juu ya mkaa, pete yake ya kaboni sita inageuka kuwa pete ya benzeni na unapata para-simeni, C10H14. Pete ya kaboni tano haiwezi kuwa benzeni kwa njia hiyo, na ya kaboni nne vilevile haiwezi. Para-simeni ikipatikana, pete ni ya kaboni sita, na nafasi za methili na isopropili zimejulikana papo hapo. Sentensi moja ya namna hiyo kwenye swali lako, "ikiondolewa hidrojeni inatoa para-simeni", ingeondoa utata wote.

Kama una NMR ya protoni, kipimo cha sumaku kinachoonyesha hidrojeni zimekaa kwenye mazingira gani, angalia hidrojeni zilizo kwenye bondi maradufu. Wewe na limoneni mna tatu kila mmoja, kwa hiyo kuzihesabu peke yake hakusaidii, lakini zinakaa mahali tofauti. Za limoneni zinaonekana mbili pamoja karibu na 4.7 ppm, ndizo za =CH2, na moja peke yake karibu na 5.4, ndiyo ya pete. Za alili yako zingekuwa mbili karibu na 5.0 na moja iliyochanika sana karibu na 5.8. Mtu aliyezoea anazitofautisha kwa kutupa jicho mara moja.

Na kuna njia ya kuitumia ozoni yenyewe kwa werevu zaidi, nayo ndiyo ninayoipenda. Usiipe ya kutosha. Ozoni hupendelea bondi maradufu yenye elektroni nyingi, na kwa alkeni za kawaida kama hizi, kaboni nyingi zaidi zilizoshikwa kwenye bondi hiyo huifanya ivutie zaidi. Kwenye limoneni, bondi ya pete ina kaboni tatu zilizoishika, ile ya tawi ina mbili. Ukiipa moli moja tu ya ozoni, ya pete hukatwa kwanza. Kwa kuwa ni pete, kuikata hakutoi vipande viwili; pete inafunguka kuwa mnyororo mmoja, C10H16O2, wenye aldehidi mwisho mmoja na ketoni mwisho wa pili, na tawi lenye =CH2 bado lipo. Methanali haijatoka hata chembe. Sasa fanya hivyohivyo kwa mchoro wako. Bondi ya pete ina kaboni nne zilizoishika, ya alili ina moja. Ya pete ingekatwa kwanza, na ingetoa C10H16O2 pia, lakini yenye ketoni mbili na bila aldehidi. Umeona? Fomula moja, moli moja ya ozoni, na tofauti ni kama kuna CHO au hakuna. Kilele cha karibu na 9.7 ppm kwenye NMR, au kioo cha fedha kwa kitendanishi cha Tollens, kingekujibu. Mtahiniwa wa tatu naye angetoa aldehidi, kwa hiyo jaribio hili linakutenga wewe tu, na kwa yeye ungerudi kwenye para-simeni.

Nikuonye kuhusu jambo moja hapo. Upendeleo huo wa ozoni si kamili. Sehemu ya tawi itakatwa pia, na utahitaji kutenganisha. Na ile dalili ya rangi inayotumika siku zote haitakusaidia. Kwa kawaida tunapitisha oksijeni yenye ozoni asilimia chache ndani ya alkeni iliyoyeyushwa kwenye dikloromethani, chupa ikiwa imezamishwa kwenye barafu kavu na asetoni, nyuzi -78 za Selsiasi. Muda wote ambao alkeni ipo, ozoni inaliwa mara inapoingia na mchanganyiko hauna rangi. Alkeni ikiisha, ozoni inaanza kujikusanya, na unaona samawati nyepesi ikianzia pale viputo vinapotokea hadi chupa nzima. Samawati hiyo ina maana bondi zote mbili zimekwisha, yaani umeshachelewa. Kwa moli moja inabidi ujue mashine yako inatoa ozoni kiasi gani kwa dakika, au ufuatilie kwa kromatografia ya tabaka nyembamba na kusimama mapema.

Nirudi kidogo kwenye jina la mtu, kwa sababu kosa lako lina ukoo mzuri. Aliyeifanya ozonolisisi kuwa chombo cha kazi ni Carl Harries, Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya 20. Aliipitisha ozoni kwenye mpira wa asili akapata karibu kitu kimoja tu, CH3COCH2CH2CHO, chenye ketoni mwisho mmoja na aldehidi mwisho mwingine. Ncha mbili kwa kila kipande. Mwaka 1905 alizifunga: vipande viwili, kichwa cha kimoja kwenye mkia wa kingine, pete ya kaboni nane yenye methili mbili. Atomi zilitimia, vipande vilitimia. Lakini vipande hivyohivyo vinatoka pia kwenye mnyororo mrefu usio na pete, maelfu ya vipande vimefuatana, kila aldehidi imefungwa kwenye ketoni ya jirani. Ndivyo mpira ulivyo, na Hermann Staudinger alianza kuitetea minyororo mirefu ya aina hiyo mwaka 1920. Kilichomkosesha Harries hakikuwa kwenye ozoni. Hakuwa na kipimo cha kuaminika cha ukubwa wa molekuli nzima. Wewe ulipewa C10H16, kwa hiyo hilo la kuunganisha vipande viwili, vitatu au elfu lilikwisha kufungwa. Hukulazimika hata kujiuliza. Siku utakayopewa kipande kimoja bila fomula ya alkeni, jiulize kabla ya yote kama ni alkeni yenye nusu mbili sawa, au pete iliyofunguka, au mnyororo mrefu.

Umeuliza utajuaje. Mimi hufanya hivi: naandika ncha zote, nachora kila namna ya kuzifunga bila kuipendelea yoyote, nafuta zile ambazo fomula inazikataa, kisha ndipo naangalia taarifa nyingine zote zilizomo kwenye swali na kuuliza kila moja inafuta nani. Zikibaki mbili, naandika mbili. Kuna kitu hata hivyo ambacho ozoni haitakurudishia kamwe, nacho ni mkao wa bondi maradufu. Pent-2-eni ya sis na ya transi zote zinatoa ethanali na propanali, na vipande havikumbuki vilikuwa upande gani. Mpangilio wa mkono wa kushoto au wa kulia kwenye kaboni ni habari nyingine: ile CH ya katikati kwenye kipande chako haikuguswa, kwa hiyo kama limoneni iliyotumika ilizungusha mwanga, kipande nacho bado kinabeba mpangilio uleule.

Angalia pia namna mchanganyiko ulivyomalizwa. Zoezi lako lilitumia zinki, kwa hiyo aldehidi zilibaki aldehidi. Kama lingetumia peroksidi ya hidrojeni, CHO yako ingekuwa COOH, na methanali ingekuwa asidi ya methanoiki, ambayo inaweza kuendelea hadi dioksidi ya kaboni na kupotea hewani. Hapo ungeona kipande kimoja cha kaboni tisa kutoka kwenye alkeni ya kaboni kumi. Kaboni inayokosekana ndiyo =CH2 yako. Hata kwa zinki, methanali inachemka kwenye nyuzi -19 na inapenda maji, kwa hiyo maabara mara nyingi haionekani kwenye chupa ya mwisho. Nimewahi kuona mtu akitafuta alkeni ya kaboni tisa wiki nzima kwa sababu hakuihesabu iliyoondoka.

Mwisho, kama zoezi hili limekutia hamu ya kuijaribu mwenyewe, usifanye peke yako wala nje ya kabati la kuvuta hewa. Ozoni inaunguza mapafu, na ukiisikia harufu yake kali tayari umeivuta. Hatari kubwa zaidi haina harufu: ozonaidi iliyokaushwa inaweza kulipuka. Haitolewi kiyeyushi, haipashwi moto, haikwanguliwi kwenye kioo, kabla haijamalizwa yote kwa zinki au dimethili salfaidi. Anayejua kazi atakuonyesha jinsi ya kusukuma nje ozoni iliyobaki kwa nitrojeni hadi samawati ipotee, ndipo atie dimethili salfaidi, aiache ikoroge kwa saa kadhaa, kisha achovye karatasi yenye iodidi ya potasiamu na wanga. Karatasi ikigeuka samawati iliyokolea, peroksidi bado zipo, na chupa hiyo haisogezwi kwenda popote. Mwombe msimamizi wa maabara asimame karibu yako mara ya kwanza, na mara ya pili pia.

Kuhusu ile sifuri, peleka kwa mwalimu wako karatasi yenye michoro yote mitatu, na chini ya kila mmoja andika vipande unavyotoa. Mwambie wa kwako unaondolewa na kanuni ya isopreni, na umwulize ni taarifa gani kwenye swali inayoiondoa ile pete ya kaboni nne.